Kupanga mzunguko wa mizigo kwa picha ya ramani: uzoefu wangu

Nasambaza mizigo kwa pikipiki, na programu ya ramani iliyo kwenye simu yangu naipenda kwa mambo mengi isipokuwa moja: haipangi vituo. Ukiiwekea vituo vinane itakuongoza kwa mpangilio uleule ulioingiza, hata kama unakurudisha ulikotoka. Kazi ya kupanga ni yako. Ndiyo maana siku hizi, kabla sijaandika anwani ya kwanza kwenye sehemu ya safari, naweka alama kwenye vituo vyote, napiga picha ya skrini, kisha nachora juu yake kwa kidole kwenye kihariri cha picha cha simu. Haya ndiyo niliyoyaona kwa kuitumia njia hii.

Picha yenyewe ina masharti yake. Ikishapigwa imeganda, huwezi kuivuta karibu ukaona jina la mtaa, kwa hiyo napiga mbili: moja inayoonyesha vituo vyote kwa pamoja, na nyingine ya karibu pale ambapo alama zimebanana. Kabla ya kupiga nairudisha ramani kaskazini iwe juu, na nahakikisha kile kimstari cha kipimo kimeonekana pembeni. Kwenye programu yangu kinatokea unapokuza au kupunguza ramani, halafu kinafifia, hivyo inabidi uwahi. Bila kile kimstari hujui kama nafasi ya upana wa kidole ni mita mia tatu au kilomita tatu. Jambo jingine: mahali halisi pa mteja ni pale kwenye ncha ya chini ya alama, si kwenye kichwa chake. Ukiwa umeitazama ramani kwa mbali, kichwa cha alama kinaweza kuonekana kimevuka barabara kuu wakati mteja yuko upande wa huku.

Sasa chukua mfano wa mzunguko wa vituo vinane, A hadi H. Mto unapita katikati ya picha kutoka magharibi kwenda mashariki, na una madaraja mawili, moja magharibi na jingine mashariki. Ghala liko kusini ya mto, katikati. Upande huohuo wa kusini A iko karibu na ukingo, kaskazini kidogo ya ghala. B iko magharibi, C mashariki, na D mbali zaidi kusini-mashariki. Ng'ambo ya mto F iko magharibi, E inatazamana na A, G iko mashariki ya E, na H mashariki zaidi.

Jicho litakuambia uende kituo kilicho karibu, ukitoka hapo uende kilicho karibu tena, mpaka umalize. Kwa picha hii utapata: ghala, A, E, G, H, C, D, kisha B, F, na kurudi. Mwanzoni inapendeza. Lakini A na E, ambazo kwenye picha zimeachana kilomita moja tu, zina mto katikati. Ili ufike E ni lazima uende mpaka daraja la magharibi, uvuke, urudi tena mashariki, jumla zaidi ya kilomita tatu. Na B na F zimebaki kiporo. Ukishamaliza D unasafiri zaidi ya kilomita tano kuifuata B, ambayo asubuhi ilikuwa jirani tu wa A.

Nikitaka kujua kama mpangilio una kurudi nyuma, sianzi na kilomita. Nahesabu madaraja. Ukitoka upande mmoja na kumalizia upande uleule, idadi ya kuvuka lazima iwe shufwa, na kama kila upande una vituo, mara mbili zinatosha. Mpangilio ule unavuka mara nne, na mara tatu kati ya hizo ni kwenye daraja lilelile la magharibi. Hapo huna haja ya kikokotoo. Mto unaweza kuwa reli yenye kivuko kimoja, au barabara kuu yenye ukuta katikati, hesabu haibadiliki.

Kipimo cha pili ni mistari kukatana. Chora mstari kutoka kituo hadi kituo ukipitisha kwenye madaraja. Mistari miwili ikikatana, kwa kawaida ukigeuza mpangilio wa vituo vilivyo kati ya hiyo mistari njia inafupika, kwa sababu upande mmoja wa pembetatu haushindi jumla ya pande mbili zilizobaki. Hapa mstari wa D kwenda B unakata ule wa ghala kwenda A, karibu kabisa na ghala. Ukichora kwa haraka unaweza usiuone, kwa hiyo pakuze mahali hapo.

Mpangilio ulionyooka ni huu: ghala, A, B, daraja la magharibi, F, E, G, H, daraja la mashariki, D, C, ghala. Mara mbili tu juu ya maji, hakuna mistari inayokatana. Kwa kupima kwa kile kimstari, wa kwanza unatoa karibu kilomita 22 na nusu, huu karibu 17. Barabarani zote mbili zitaongezeka, maana barabara haziendi kama rula, lakini pengo la kilomita tano na nusu si la kupuuza. Kuna kitu kidogo hapo mwishoni: ukishuka darajani C ndiyo iliyo karibu, na mkono unataka kuanza nayo. Ukianza na D kisha C unaokoa kama mita mia tatu, kwa kuwa C iko njiani kurudi ghalani na D haiko.

Kujaribu kila mpangilio kwa mkono hakuwezekani. Vituo vinane vina mipangilio 40,320, na hata ukihesabu kwenda na kurudi kuwa kitu kimoja inabaki 20,160. Kwa hiyo sisemi kwamba picha inanipa njia fupi kuliko zote duniani. Inanipa njia isiyo na upuuzi, na kwa vituo vichache hiyo inanitosha. Vikifika ishirini na kitu, picha inakuwa msitu wa alama na kidole kinapoteza mstari. Hapo heri programu ya kupanga mizunguko.

Picha pia haijui saa. Tuseme mteja wa H anafunga mapema. Kwa mpangilio wetu yeye ni wa sita. Badala ya kumchomeka mbele na kuvuruga kila kitu, geuza mzunguko mzima: ghala, C, D, H, G, E, F, B, A. Sasa ni wa tatu na urefu ni uleule. Angalia tu barabara za mwelekeo mmoja kwenye picha ya karibu, maana hizo hazikubali kugeuzwa, na kituo kilichokuwa mkono wa karibu kinaweza kuhamia ng'ambo ya barabara.

Nampa nyota nne mfumo huu wa picha na kidole. Ya tano inakatwa kwa sababu mpangilio ukishaupata bado unaandika vituo upya kimoja kimoja kwenye programu, na wakati huohuo unapakia boksi kinyumenyume: ukianza na C, mzigo wa A ndio unaoingia chini kabisa.