Tahadhari wa Lamu: video ya dawa ya mchwa na arbuni ya 12,000

Asalaam aleikum ndugu zangu wa Lamu, Shela na Matondoni, na mlioko Malindi ambao wazazi wenu wako kisiwani. Tangu mvua zianze kuna video ya dawa ya mchwa inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Inaanza na dari ikiporomoka gizani, mtoto analia, halafu sauti nzito inasema: "Mchwa wanakula nyumba yako usiku huu huu." Mwisho kuna nambari ya simu. Tafadhali msiipige, na aliyekwisha kupiga asitume arbuni.

Shangazi yangu wa Mkomani ametuma shilingi 12,000 kwa M-Pesa, kwenye nambari ya mtu binafsi. Walikuja vijana wawili na pampu ya mgongoni, wakapita vyumbani haraka haraka, wakamwambia dari yote imeliwa na kazi nzima ni 85,000. Wakapulizia sakafu, kuta na msala wa kuogea, wakaondoka. Risiti hakuna, na simu sasa haishikwi.

Mimi kazi yangu ni kuandika na kupiga picha matangazo ya wafanyabiashara wa Malindi, na kwa kazi hiyo nimefuatana na mafundi wa wadudu wenye leseni, nikawaona wanavyokagua. Nimeiangalia video hii kwa kuisimamisha kila picha. Dari inayoporomoka ni ya mbao zilizorandwa na kupigiwa misumari, na zile "baada ya dawa" ni boriti za mviringo za mkoko. Hizo ni nyumba mbili tofauti. Mchwa wanaoonyeshwa ni askari wenye vichwa vikubwa vyekundu, na kwenye pembe ya picha yanaonekana majani na udongo wa kichuguu. Walipigwa picha porini. Na mkaguzi haonekani hata mara moja akigusa mbao.

Hapo kwenye ukaguzi ndipo pesa ya shangazi ilipopotea. Vijana walimwonyesha vitu viwili: kijia cha udongo chini ya ukuta wa jikoni, na chembechembe zilizomwagika chini ya boriti moja ghorofani. Wakamwambia vyote ni mchwa mmoja, na dawa ni moja. Si kweli, na anayetaka kulinda nyumba yake aelewe tofauti hii.

Kijia cha udongo ni cha mchwa wa ardhini. Hawa lazima warudi kwenye unyevu wa udongo, kwa hiyo hujijengea njia ya kufunikwa. Lakini kijia hubaki ukutani hata wenyewe wakishahama. Fundi mkweli huvunja kipande kidogo katikati, kama urefu wa pingili ya kidole, akaacha ncha zote mbili, kisha hurudi baada ya siku chache. Pakizibwa kwa udongo mbichi, mchwa wapo na wanafanya kazi. Pasipozibwa, pengine wamehama au wamepata njia nyingine, kwa hiyo hugonga fremu za milango kwa mpini wa bisibisi na kuzidunga kwa ncha yake mbao za karibu na sakafu. Mbao nzima hulia nzito na ncha haizami. Iliyoliwa hulia tupu, na ncha huingia bila nguvu. Kwa shangazi kijia hakikuzibwa, kilikuwa kikavu cha kuvunjikavunjika, na fremu zote zilikuwa ngumu.

Zile chembechembe za ghorofani ni habari nyingine. Nilizipiga picha kwa simu nikaikuza: ni vipunje kama mchanga, vina pande sita. Hicho ni kinyesi cha mchwa wa mbao kavu, anayeishi ndani ya mti wenyewe wala haihitaji ardhi. (Ukiona unga laini kama wa ngano, huyo kwa kawaida ni bungua, naye pia yumo ndani ya mti.) Kupulizia sakafu hakumfikii hata kidogo. Kinachofanyika ni kutoboa boriti ile iliyoliwa na kuingiza dawa kwenye mapango yake kwa sindano, au kuibadilisha. Kabla ya hapo unafagia, unatandika karatasi nyeupe chini, unasubiri, kwa sababu vipunje vya zamani hudondoka vyenyewe mtu akitembea juu. Karatasi ya shangazi ilipata vipunje vipya chini ya boriti moja tu. Boriti moja, si dari yote ya 85,000.

Lililoniuma zaidi ni msala. Walipulizia mpaka ukingo wa birika la maji la humo ndani, na wale samaki wadogo wanaokula viluwiluwi vya mbu wakafa wote usiku ule. Dawa ilikuja kwenye chupa ya soda, kwa hiyo hatuwezi hata kujua ilikuwa nini. Dawa nyingi za kupulizia nyumbani, hasa za jamii ya pairethroidi, huua samaki kwa kiasi kidogo mno, na fundi yeyote wa kweli hufunika maji kabla ya kufungua pampu. Mji wetu wa visima vifupi hauwezi kuvumilia mtu anayemwaga asichoweza kukitaja.

Tangazo la haki la kazi hii linawezekana, na wenye biashara safi nawaomba walifanye hivi. Ningeliandika kwa sekunde 40, mchana, bila muziki wa kutisha:

Picha: tochi inafuata kijia cha udongo ukutani. Sauti: "Ukiona hiki, usihofu. Huenda ni cha zamani."
Picha: mkono unavunja kipande katikati, kisha mahali palepale siku chache baadaye, pamezibwa. Sauti: "Pamezibwa. Hapa mchwa wapo, tuzungumze kuhusu dawa."
Picha: kisima kimepimwa umbali, birika limefunikwa, lebo ya dawa inasomeka, fundi amevaa glavu na barakoa. Sauti: "Tunatibu palipo na wadudu tu. Dawa ya ardhini hudumu miaka kadhaa, haidumu milele. Ukaguzi ukionyesha huna mchwa, tutakwambia."

Kila picha itoke nyumba moja, au iandikwe kwamba ni mfano. Hasara inaweza kutajwa, maana mchwa wanaharibu kweli, lakini kazi yao huchukua miezi na miaka. Hakuna nyumba ya mawe ya matumbawe inayoangushwa na mchwa usiku mmoja.

Sheria nayo ipo. Sheria ya dawa za wadudu, Sura ya 346, inakataza kutangaza dawa kwa njia ya uongo au ya kupotosha. Bodi inayosimamia ni Pest Control Products Board, kwa kifupi PCPB. Mwambie anayekuja akuonyeshe leseni yake ya PCPB, na chombo cha dawa kikiwa na lebo yake yenye nambari inayoanza na PCPB (CR). Akikataa kimojawapo, mlango ufungwe kabla hajaingia na pampu.

Waliokwisha kulipa: msifute ujumbe wa M-Pesa wala video yenyewe, na chupa yoyote waliyoiacha ifungwe kwenye mfuko mbali na watoto na paka, ipelekwe pamoja na malalamiko kwa PCPB na polisi. Kama walipulizia karibu na birika au kisima, maji hayo yasinywewe wala kupikiwa wala kutawadhiwa, na mwiteni afisa wa afya ya umma ayaangalie. Shangazi amekwisha kupeleka yake. Anayetaka kuungana naye aniandikie hapa, malalamiko ya watu wengi kuhusu nambari ileile yana uzito zaidi.