Nimejisuka Kwenye Picha Kabla ya Kwenda kwa Msusi: Njia Zimenikosha, Mng'ao Umenikera

Haya, mambo vipi jamani, karibuni tena. Leo nina vichwa viwili. Hiki mnachokiona kimesukwa jana, saluni, hapa hapa Mwananyamala. Kingine kimo kwenye simu, kimesukwa Jumatatu na programu. Mambo ya kupakua na kujisajili nayaruka, mnayajua. Jina lake nalo silitaji, maana nina ugomvi nayo kidogo na sitaki kupigiwa simu.

Kazi yake ni kwamba unaiwekea picha ya uso wako, unachagua msuko, inakuonesha utakavyotoka. Twende kilioni imo, rasta zimo. Ile ya mwezi uliopita mnaikumbuka? Ilikuwa inachukua nywele za mtu mwingine inakuvalisha kama kofia, masikio nje! Hii haifanyi hivyo. Hii inaanza na njia, ule mstari wa ngozi unaobaki kati ya msuko na msuko. Unaburuza kidole kutoka kwenye paji la uso kwenda utosini, inapasua njia hapo ulipopita, kisha inajaza misuko katikati. Mimi hapo nilipiga kelele, jirani akaja kugonga mlango.

Sasa kuna kitufe cha kupanga njia bila wewe kugusa. Na mimi uvivu wangu mnaujua. Nikabonyeza, ikanipa njia 7, misuko 8, imelingana kama mistari ya daftari. Nikampelekea msusi wangu kwa furaha zote. Mama wa watu akaishika simu, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, akasema, "Mwanangu, nikifuata hii, ya katikati itatoka myembamba na ya pembeni itanenepa kama mihogo."

Nikabisha, kwa sababu kwenye picha yote ilikuwa sawa. Basi ngojeni niwaoneshe alichokiona yeye. Hili ni tikiti maji, lile la michirizi, na ndiyo, tutalila baadaye. Nalilaza hivi, kikonyo kule kwangu, nyie mnaliangalia kwa mbele na juu kidogo. Mnaona michirizi ya katikati ilivyoachana? Njooni huku ubavuni. Imebanana, si ndiyo? Nikilizungusha tikiti, ile iliyobanana inakuja katikati na yenyewe inaachana. Tikiti halijabadilika, ni ubavu tu unaokwepa macho yenu. Kichwa nacho ni hivyo hivyo.

Nimepima changu, juu ya masikio kina upana wa kama sentimita 15. Msusi akiweka njia moja katikati na tatu kila upande, akaziachanisha sentimita 2.6 juu ya ngozi, kwenye picha ya mbele nafasi haziwi 2.6 zote. Ya kwanza kutoka katikati itaonekana 2.6, inayofuata 2.3, ya pembeni 1.7. Sasa programu ilinipa 2.2, 2.2, 2.2. Ukizirudisha hizo kwenye kichwa cha kweli zinakuwa 2.2, kisha 2.5, kisha 3.4. Hiyo 3.4 ndiyo mihogo ya mama! Na hajashika rula, ameangalia kwa jicho tu.

Kwa hiyo kile kitufe msikiguse. Pasueni njia kwa kidole, mkizibananisha kadiri mnavyoelekea sikioni. Na hapa naisifu programu kwa moyo wote, kwa sababu ukiburuza mstari ulionyooka, yenyewe inaupinda ufuate mviringo wa kichwa, na ukielekea utosini inazikusanya njia zikaribiane. Angalieni, nafanya moja kwa moja. Kidole... utosini... hiyo! Nimefanya hivi mara ishirini na bado raha.

Halafu msipige picha mkiwa mmechambua nywele. Mimi mara ya kwanza nilikuwa na afro langu lote. Ngozi ya kichwa iko chini huko, programu haiioni, ikapasua njia juu ya nywele. Nikatoka na kichwa cha boga. Nikazilaza nywele, nikavaa soksi ya kichwani, nikapiga upya, kichwa kikarudi saizi yake. Ya kisogoni msiulize, picha ya mbele haina kisogo, pale inabuni tu.

Haya, sasa kero. Nimebadilisha, nimechagua rasta. Kwenye rasta njia zinaonekana pale juu tu, viboksi vyake, chini ni misuko yenyewe inaning'inia. Kwa hiyo kinachoifanya iaminike ni mng'ao. Navuta picha karibu, oneni. Kila rasta ina mstari mweupe mmoja, umenyooka toka juu hadi chini. Huu si msuko, huu ni mpira wa kumwagilia bustani!

Hii hapa rasta ya kweli, nimeisuka mwenyewe jana usiku, ndiyo maana inalegea. Naileta kwenye taa. Mnaona mng'ao unavyokatikakatika? Kila pingili ina kanukta kake, kama pingili za muwa. Ni kwa sababu nywele ndani ya msuko haziteremki wima, zinakatiza, pingili moja inaelekea kushoto, inayofuata kulia. Sasa naizungusha taratibu. Zile za kushoto zimezima, za kulia zimewaka. Hiyo ndiyo inayoliambia jicho kwamba huu ni msuko. Na pale pingili mbili zinapokutana pana giza. Programu haijaweka giza hata kidogo.

Halafu upande. Picha yangu nimepiga dirisha likiwa kushoto kwenu. Mkitaka uhakika angalieni kwenye mboni za macho yangu, kadirisha kenyewe kanaonekana. Pua na paji vinang'aa upande huo huo. Rasta je? Zote zinang'aa kulia! Yaani uso una jua lake na nywele zina jua lake.

Nimehangaika siku mbili, nikapata njia ya mkato. Kuna sehemu ya kupunguza mng'ao, ishusheni mpaka karibu na mwisho, kisha igeuzeni picha kushoto kulia kabla ya kuweka msuko. Jua linakaa upande mmoja. Pingili bado hazionekani, lakini angalau bustani imeondoka. Kwenye twende kilioni haisumbui sana, maana msuko umelala kichwani na macho yanakimbilia njia.

Bei sasa. Wananikata 12,000 kwa mwezi. Nikiongeza kidogo tu hapo, mama ananisuka kabisa. Mimi ningelipa mwezi mmoja, nipange njia zangu za mwaka mzima, nihifadhi picha, nijitoe. Wakileta pingili nitarudi, wallahi.

Eeh, na video za Jumanne zinahamia Ijumaa, umeme wa huku mnaujua wenyewe. Wa rasta za kupachika, nimeona maoni yenu, nyuzi nimeshanunua Kariakoo, zinakuja. Hiki kichwa mnachokiona ni ile picha ya kidole, 2.6, 2.3, 1.7. Mama kaifuata ilivyo, ila njia ya mwisho kulia kaisogeza mbele kidogo, anasema nina kovu pale. Kovu lenyewe nilikuwa nimelisahau. Ngoja nilete kisu, tikiti linanisubiri.