Vetiva au miti kwenye mteremko?

Kwa udongo wa juu unaomomonyoka, mimi nachagua nyasi ya vetiva. Mizizi yake hushuka wima, mara nyingi mita 2 hadi 3. Vipando vikipandwa kwenye kontua, yaani mstari wa usawa unaokata mteremko, sentimita 10 hadi 15 kati ya kimoja na kingine, mstari huziba na kunasa udongo. Kivulini hudhoofika, kwa hiyo usiichanganye ovyo na miti.

Mizizi ya miti ni minene zaidi, ila huchukua miaka kushika, na mti mrefu ukiyumbishwa na upepo ukingoni huulegeza udongo.

Ukiona ufa uliopinda juu na udongo uliovimba chini, huenda tabaka linaloteleza liko mita kadhaa ndani, chini ya mizizi. Hapo vetiva na miti vyote huteremka na udongo. Toa maji ya ndani kwanza.