Vidonge vya chuma: nilivyovimeza kila siku, na nilivyovimeza kwa kuruka siku

Nilitaka kuandika neno moja tu: msinunue. Sasa nimepoa kidogo, lakini kidogo tu.

Niliishiwa damu. Hedhi yangu ni nzito, na nilifika mahali ambapo ngazi za kupanda kwetu Kadutu nazipanda kwa vituo vitatu, mikono kiunoni kama bibi. Sentare wakapima: hemoglobini 10.4. Nikapewa vidonge vya feri, kila kimoja kikiwa na miligramu 60 za chuma, kimoja asubuhi, kimoja jioni. Hakuna aliyeniambia kingine.

Wiki ya kwanza kichefuchefu. Ya pili choo kikafunga kama kimetiwa sementi, na kilipotoka kilikuwa cheusi nikadhani natoka damu ndani. (Weusi wenyewe ni kawaida kwa dawa hii. Ningeambiwa, nisingelia.) Bugali ilinishinda, sambaza zikaninukia vibaya.

Nikarudi kuuliza kama naweza kupunguza. Muganga hakuinua hata macho kutoka kwenye daftari: "Mama, wewe ni mgonjwa ama ni dokta? Meza. Damu hainunuliwi kwa uvivu." Mbele ya foleni nzima! Mama mmoja akacheka. Nilitoka pale na vidonge mkobani, nikaapa nitavitupa kwenye ziwa.

Aliyeniokoa ni mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, anayefanya kazi maabara. "Yaya, usitupe. Meza kimoja, kesho pumzika, kesho kutwa meza tena." Nikadhani ananihurumia. Kumbe ana hoja.

Alinieleza hivi. Ini letu hutoa homoni inayoitwa hepsidini. Ukimeza dozi kubwa ya chuma, kama hizo miligramu 60, ini linaona chuma kimeingia kingi na linapandisha hepsidini, kama askari wanavyoweka bariere barabarani. Bariere hiyo inakaa karibu siku nzima kabla ya kushuka. Kidonge cha pili kikifika kabla haijashuka, sehemu kubwa ya chuma chake haipiti kwenye damu. Kinabaki tumboni, na chuma kilichobaki tumboni ndicho kinachochokoza utumbo: kichefuchefu, choo kigumu. Ukingoja saa 48, njia imefunguka. Kwa hiyo kile kidonge changu cha jioni kilikuwa kinakwenda kugonga bariere ambayo cha asubuhi kimeiweka!

Watafiti wa Uswisi walilipima jambo hili kwa wanawake waliopungukiwa akiba ya chuma, matokeo yakatoka 2017. Kila mmoja alipewa vidonge 14 vya miligramu 60. Waliomeza mfululizo, mwili ulichukua kama asilimia 16 ya chuma. Waliomeza kwa kuruka siku, karibu asilimia 22. Vidonge ni vilevile, faida tofauti. Na kuigawa dozi mara mbili kwa siku hakukuongeza kitu. Hepsidini ilipanda zaidi.

Nikajaribu. Kimoja asubuhi tumbo likiwa tupu, na maji ya ndimu. Chai nikaisogeza mbali, maana inazuia chuma. Kichefuchefu kikapungua ndani ya wiki, choo kikalainika, nikala sambaza na bugali yote. Baada ya miezi kama miwili hivi nikapima tena: 11.9. Ngazi sasa nazipanda bila kusimama, na nilitamani yule muganga anione.

Hapo nilikuwa tayari kusema kwamba kumeza kila siku ni upumbavu. Mdogo wangu akanitia breki. Asilimia inapanda kwa kila kidonge, lakini vidonge unavyomeza ni nusu. Anayemeza kimoja kila siku na kukivumilia hupata chuma kingi zaidi kwa mwezi, na damu yake hupanda upesi. Mimi nimelipa kwa muda. Basi yule muganga hakukosea yote, naudhika kuliandika hili. Kosa lake ni mara mbili kwa siku na mdomo wake.

Jirani yangu, mwenye mimba ya miezi sita, alinisikia nikijisifu, akaanza kuruka siku naye. Nilimkemea hadi mumewe akatoka nje. Dawa ya mjamzito, yenye chuma na asidi foliki, ni ya kila siku kama kliniki ilivyomwambia. Mimi nimesimulia tumbo langu. Na ukiwa na malaria hepsidini hupanda yenyewe, bariere ipo hata kama umepumzika siku tatu.

Kwa vidonge vyenyewe: nusu ya hasira imeondoka. Kwenye kalenda ya jikoni nimechora alama za siku za kumeza, na leo ni siku ya kupumzika. Sentare ile bado sijarudi, nilipima kwingine.