Kitana au losheni ya chawa? Kipi ununue kwanza, na kwa nini kopo la pili halikunisaidia

Likizo ya Juni binti yangu alirudi kutoka bweni anajikuna nyuma ya masikio. Nilipomfumua rasta nikawaona, rangi ya udongo, ukubwa wa punje ya ufuta, wanakimbilia kwenye kisogo. Nikaenda duka la dawa hapa Dodoma, nikapewa losheni ya pemethrini ya asilimia 1 kwa shilingi 14,000. Muuzaji alinitolea kopo tu. Boksi halikuwepo, karatasi ya maelekezo haikuwepo, na kauli yake ilikuwa moja: "Mpake, chawa wanaisha leo leo."

Hawakuisha. Tangu nilipowaelezea kidogo habari hii, wasomaji kutoka Kondoa, Manyoni na hapa mjini wameniandikia lalamiko lilelile: dawa ilifanya kazi kwa dada mkubwa miaka ile, kwa mdogo imegoma. Kwa hiyo leo sitazungumzia harufu ya dawa wala uzuri wa kopo. Nitavipanga vitana na dawa kwa jinsi vilivyowatoa chawa kichwani, na nitakaa zaidi kwenye jambo ambalo hakuna muuzaji aliyewahi kunitajia, yaani nafasi kati ya jino na jino la kitana.

Namba moja: kitana cha chuma chenye meno marefu

Ninachokipenda ni Nitty Gritty, cha Uingereza, nilicholetewa na shemeji yangu. Nasema wazi kwamba nakipendelea, na hakuna aliyenilipa. Meno yake ni ya chuma cha pua, marefu, yamechongwa mistari midogo inayozunguka kama uzi wa skrubu, na ncha zake ni butu, hazichani ngozi ya kichwa. Mistari ile ndiyo inayokwangua yai lililogandishwa kwenye unywele. Lakini hata usipokipata hicho, kitana chochote cha chuma kinaweza kukufaa kikifaulu kipimo kimoja.

Chawa mkubwa ana urefu wa milimita 2 hadi 3, ila mtoto aliyetoka kwenye yai leo ni kama milimita 1 tu, na mwili wake ni mwembamba sana. Ili anaswe, nafasi kati ya meno isizidi milimita 0.3. Huwezi kuipima kwa macho, ila unaweza kuipima kwa karatasi. Karatasi ya kawaida ya kuchapia ina unene wa karibu milimita 0.1. Ikunje mara moja upate tabaka mbili, uingize ukingo wake kati ya meno: inapaswa kupita kwa kubanwa. Halafu ikunje tena upate tabaka nne. Zikiingia bila taabu, rudisha kitana, maana hapo pana karibu milimita 0.4 na watoto wa chawa watapita.

Pima katikati ya meno, kisha pima kwenye ncha. Hapa ndipo vitana vingi vya plastiki vinapoanguka. Pale kwenye shina meno yamebanana vizuri, lakini ukibonyeza ncha kwa ukucha yanaachana. Kwenye nywele zetu za kipilipili yataachana zaidi, kwa sababu unywele uliojikunja unayasukuma pembeni kila unapovuta. Unachana saa nzima, unaona kitana kinatoka safi, unaamini kichwa ni kisafi, kumbe chawa wamebaki ndani. Kile cha plastiki kilichokuja kwenye boksi la losheni ya jirani yangu kilipitisha tabaka nne tangu siku ya kwanza.

Namna ya kuchana ni hii. Fumua misuko yote. Osha nywele, kisha paka kondishena nyingi na usiisuuze, maana utelezi wake ndio unaomzuia chawa kukimbia na ndio unaoruhusu kitana kupita bila kung'oa nywele. Toa mafundo kwanza kwa chanuo la meno mapana. Gawanya kichwa mafungu madogo. Kwa nywele za binti yangu nilihitaji 12. Kila fungu anzia kwenye ngozi, vuta hadi mwisho wa unywele, pangusa kitana kwenye karatasi nyeupe ya chooni, utazame kilichotoka. Ukimaliza kichwa kizima, suuza na urudie mara moja. Kwa shida ya maji tuliyonayo, ndoo moja inatosha.

Fanya hivyo siku ya 1, ya 5, ya 9 na ya 13. Siku hizo hazikubuniwa hovyo. Yai huanguliwa ndani ya siku 7 hadi 10 hivi, na aliyeanguliwa huhitaji zaidi ya siku saba kukomaa na kuanza kutaga. Ukichana kila baada ya siku nne, unamkuta kila mtoto kabla hajawa mama. Siku ya 17 unachana kwa kukagua tu.

Namba mbili: losheni ya pemethrini ya asilimia 1

Nimeiweka ya pili kwa sababu bado inasaidia vichwa vingi, na dakika 10 za losheni si sawa na saa moja ya kuchana, hasa kwa mama mwenye watoto watatu. Lakini ni lazima ujue inavyofanya kazi, ili ikigoma ujue imegomea wapi.

Pemethrini ni ndugu wa kutengenezwa kiwandani wa sumu iliyomo kwenye maua ya pareto, yale yanayolimwa Nyanda za Juu Kusini. Humuua mdudu kwa kuachia wazi vijilango vya mishipa yake ya fahamu, fahamu zinawaka bila kuzimika mpaka anapooza. Yai la siku tatu bado halina mishipa ya fahamu, basi dawa haina pa kushika. Ndiyo maana unapaka tena siku ya 9. Dawa iliyopakwa mara moja tu imekuachia mayai, na muuzaji wangu hakunitajia siku ya 9.

Kosa la pili nililifanya mwenyewe. Nilimwosha mtoto kwa kondishena kisha nikapaka losheni. Kondishena na mafuta ya nywele hufunika unywele, na dawa inashindwa kushika. Inatakiwa shampuu tupu, nywele zikaushwe kwa taulo zibaki na unyevu, losheni ifike kwenye ngozi nyuma ya masikio na kisogoni, dakika 10, kisha suuza. Kopo dogo la mililita 60 halitoshi nywele ndefu nzito. Na ukipaka juu ya rasta, dawa haifiki ngozini.

Sababu ya tatu ni usugu. Baadhi ya chawa wamezaliwa na vijilango vyenye umbo lililobadilika kidogo, na pemethrini haivishiki. Kila tunapopaka, wanaokufa ni wasio na badiliko hilo, wanaobaki ndio wanaotaga. Si jambo geni kwetu: mbu wanaoeneza malaria wamejenga usugu wa namna hiyohiyo dhidi ya dawa za ukoo huu zinazowekwa kwenye vyandarua.

Utajuaje ni usugu na si kosa lako? Siku ya 9 nilinunua kopo la pili, nikafuata kila kitu sawasawa. Nilipaka saa mbili asubuhi, na saa kumi na mbili jioni nikachana. Kukagua baada ya saa 8 hadi 12 ndiko kunakokupa jibu. Ukikuta wengi wamekufa na wachache wanajikokota, dawa inafanya kazi, usiongeze nyingine. Mimi nilikuta mmoja amekufa na 11 wakubwa wanakimbia kama hawajaguswa. Wangekuwa wadogo tupu ningesema mayai yameanguliwa. Wakubwa wenye nguvu, ndani ya saa kumi, kwa dawa iliyopakwa ipasavyo, maana yake ni kwamba dawa hii haiwawezi. Kopo la tatu lingekuwa kutupa pesa.

Nikaanza kuchana siku ya pili yake na kuandika. Siku ya 1 nilitoa 31. Siku ya 5 walikuwa 12, wote wadogo. Siku ya 9 wanne. Siku ya 13 na ya 17 hakuna.

Sitaki mwone kitana ni muujiza. Utafiti uliofanyika Wales na kuchapishwa mwaka 2000 ulikuta kuchana kumeponya asilimia 38 ya watoto, na dawa ya malathioni asilimia 78. Mwingine wa Uingereza wa mwaka 2005, uliotumia seti ya vitana na kondishena dhidi ya dawa za dukani zilizopakwa mara moja, ulipata asilimia 57 kwa kuchana na 13 kwa dawa. Kitana kinataka mkono usiochoka. Ukiruka siku ya 9, umeanza upya.

Namba tatu: losheni ya dimethikoni

Hii ni mafuta ya silikoni. Haigusi mishipa ya fahamu, humfunika chawa na kumziba, kwa hiyo usugu wa pemethrini haumsaidii. Ingekuwa namba mbili yangu kama ningeikuta madukani hapa Dodoma. Ukiipata, ya asilimia 4 huachwa kichwani saa 8 au usiku kucha, kisha hurudiwa baada ya siku 7. Kaa mbali na moto wa jiko na kibatari ikiwa kichwani, maana nywele zenye dawa hiyo zinaweza kushika moto.

Za bei ya chini

Kunyoa kipara kunamaliza kazi siku hiyohiyo, kama mtoto anakubali. BBE, ile dawa nyeupe ya upele, inawasha sana kichwani pakiwa na vidonda vya kujikuna, sikuichagua. Mafuta ya taa na dawa za kupulizia wadudu msipake kabisa: yanaunguza ngozi, na mtoto akivuta au kumeza anaweza kufa.

Sasa neno kwa wauzaji. Mnapotoa kopo ndani ya boksi na kuitupa karatasi ya maelekezo, mnamuuzia mama nusu ya dawa kwa bei kamili. Duka la pili nililoenda walinipa krimu ya pemethrini ya asilimia 5, ya upele, wakasema "hii kali zaidi". Krimu ile imetengenezwa kwa ajili ya ngozi ya mwili, na chawa sugu hatishwi na namba iliyo kubwa. Duka la tatu nilipotoa karatasi yangu kupima kitana, nikaambiwa nisichezee bidhaa. Kitana cha shilingi 15,000 nisichoruhusiwa kukipima nimekiacha pale pale kaunta.

Kama unacho cha chuma na jirani anakiomba, kiloweke kwanza kwenye maji ya moto kwa dakika 10, moto ambao mkono hauvumilii, kisha pima tena meno kwa karatasi kikirudi. Changu kiliporudi kutoka nyumba ya tatu, meno mawili ya pembeni yalikuwa yamepinda na tabaka nne zinapita.