Waya wa nyumba Lubumbashi: peleka kwenye mizani kabla ya kulipa

Malalamiko ninayopokea tangu mvua zianze yanafanana karibu yote. Prizi inanuka plastiki iliyoungua, ukiigusa ina joto, lakini dizhonkteri haishuki. Msomaji mmoja wa Katuba alibadilisha prizi ya jikoni, akaibadilisha tena, kila mara akimlaumu mwenye duka. Nikamwomba azime umeme kwenye dizhonkteri kuu, afungue prizi, akwangue ncha ya waya kwa kisu. Picha aliyonitumia ilionyesha waya mwekundu juu, mweupe ndani.

Ule weupe ni aluminiamu. Waya wa namna hiyo una ngozi nyembamba ya shaba tu, na kiini chake chote ni aluminiamu. Umejaa kwenye kenkayeri zetu, unauzwa kwa jina la shaba, na wengi wetu tuliojifunza umeme kwa kumshikia mjomba tochi hatuna namna ya kuushtukia. Mjomba alitufundisha kuangalia ncha: ikiwa nyekundu ni shaba, funga kazi. Kwa waya wa zamani wa Jekamini hilo lilitosha. Leo ncha ni nyekundu kila mahali, maana wanaoutengeneza wanajua ndipo mnunuzi anapotazama.

Kwa hiyo katika mwongozo huu sitazungumzia rangi ya plastiki wala uzuri wa karatasi ya rulo. Nazungumzia uzito, jambo ambalo karibu hakuna anayeliuliza dukani.

Shaba ni nzito zaidi ya mara tatu kuliko aluminiamu. Rulo ya mita 100 ya waya mmoja wa milimita mraba 2.5, ule tunaovuta kwenda kwenye prizi, ikiwa ni shaba kweli ina uzito wa kilo 3 hivi pamoja na plastiki yake. Ya aluminiamu iliyopakwa shaba haifiki kilo 2, mara nyingi inacheza kwenye kilo moja na nusu na kidogo. Waya wa 1.5, wa taa, ukiwa shaba safi rulo yake ni kama kilo 2. Hizo namba tatu ziandike kwenye simu yako kabla ya kwenda soko Mzee. Mizani haikosekani: mama anayeuza unga pembeni anayo, mpe kitu kidogo akupimie.

Muuzaji atakataa. Mmoja aliniambia usoni, "Yaya, waya hatupimake na kilo, tunauzisha na rulo." Nikamjibu basi rulo yako itabaki na wewe. Wana nailoni wanayofungia rulo, ukiigusa tu wanasema umeshanunua, na karibu na kaunta kuna kibao kwamba kitu kikiuzwa hakirudi. Duka ambalo haliruhusu rulo kuwekwa juu ya mizani limekwisha kukujibu. Nenda la pili.

Mizani peke yake haimalizi kila kitu, kwa sababu plastiki nene inaongeza gramu. Ndiyo maana baada ya kilo unakwangua. Usikwangue kidogo: pitisha kisu mpaka uone umeingia ndani, kisha tazama kwenye jua. Shaba ni nyekundu hadi katikati. Kama ni waya laini wa nyuzi nyingi, ule wa supuli, chomoa unyuzi mmoja uuweke kwenye moto wa kiberiti cha gesi. Wa aluminiamu unalegea na kukatika kwa kitone kidogo. Wa shaba unawaka mwekundu na kubaki mzima. Sumaku usihangaike nayo. Inanasa chuma, lakini aluminiamu haishikwi na sumaku kama vile shaba isivyoshikwa, na wauzaji wanapenda sana kukuonyesha sumaku.

Udanganyifu wa pili ni unene. Rulo imeandikwa 2.5, ndani ni 1.5. Kwa waya mgumu wa unyuzi mmoja, menya kipande, uuzungushe kwenye kalamu mizunguko 10 iliyogusana bila nafasi, halafu weka rula. Waya wa 2.5 wa kweli unajaza karibu milimita 18. Ukipata 14, huo ni 1.5, hata kama karatasi imeandikwa kwa dhahabu.

Tumrudie msomaji wa Katuba, maana kesi yake ilikuwa na ubaya wote wawili. Jiko lake liko nyuma ya parseli, mita 20 kutoka kwenye kontere. Mizunguko 10 ilimpa milimita 14, na kiini kilikuwa aluminiamu. Asubuhi anawasha resho ya mikono miwili na birika la umeme, jumla kama wati 3,300, yaani ampea 15 kwenye volti 220. Kwa waya wa shaba wa 2.5, volti 4 tu ndizo zingepotea njiani. Kwa waya wake zinapotea karibu 11. Zidisha 11 kwa 15: wati 165 hivi zinapasha ukuta moto badala ya kupasha maji, na Snel inamhesabia zote.

Joto la njiani angalau limetawanyika kwenye mita zote. Hatari kubwa iko kwenye skrubu ya prizi na kwenye domino za kuungia nyaya. Aluminiamu ikikutana na hewa inajifunika ngozi ngumu isiyopitisha umeme. Tena ni laini: ukiibana na skrubu inajisogeza polepole, na baada ya miezi kadhaa skrubu uliyoikaza wewe mwenyewe imelegea. Mguso ukiwa mbaya unaleta joto, joto linaulegeza mguso zaidi, mpaka plastiki inabadilika rangi kuwa kahawia. Dizhonkteri yake ni ya ampea 20. Zinapita 15. Yenyewe inahesabu ampea tu, haina habari na moto unaoanza kwenye prizi mita 20 kutoka pale. Ndiyo sababu haikushuka, na isingeshuka hata prizi ikiyeyuka.

Sasa mpangilio wangu wa waya wa kununua.

Wa kwanza kwangu ni waya wa Zamefa, kiwanda cha Luanshya, Zambia, na sioni aibu kuupendelea. Unatengenezwa kwa shaba ya Kopabeti, unavuka Kasumbalesa, na ule nilioupima na kuukwangua umekuwa mwekundu hadi katikati kila mara. Maandishi yake kwenye plastiki yamekaa, hayafutiki kwa kidole chenye mate. Unapinda vizuri kwenye kona za tiyo bila kuvunjika. Ubaya wake ni kwamba haupatikani kila wiki, na muuzaji akiishiwa atakupa mwingine akisema ni uleule. Soma jina kwenye waya wenyewe, si kwenye karatasi.

Wa pili ni wa Ulaya, kama Nexans, wenye alama H07V-U kwa mgumu wa unyuzi mmoja au H07V-R kwa wa nyuzi nene zilizosokotwa. Ni waya mzuri, sina ugomvi nao. Ila bei yake hapa inauma, na jina likishakuwa kubwa linaigwa. Rulo yenye jina la Ulaya na kilo moja na nusu ni ya uongo, hata muuzaji aape kwa mama yake. Nikiwa na pesa ya rulo moja ya Ulaya, ninachukua Zamefa na kinachobaki nanunua prizi imara na dizhonkteri ya maana.

Wa tatu utawashangaza: waya wa zamani uliotolewa kwenye nyumba za kambi za kampuni zinazobomolewa au kukarabatiwa. Shaba haizeeki, plastiki ndiyo inayozeeka. Kunja waya mpaka ncha zigusane. Plastiki ikipasuka au ikivunjika kama biskuti, acha. Ikikunjika bila alama, na shaba chini yake haijawa nyeusi, unafaa kwa taa. Sharti vipande viwe virefu, maana kila kiungo ni mahali pa kuzaa joto. Na uliza umetoka wapi. Nyaya zinazoibwa usiku nazo zinauzwa mchana.

Wa nne ni rulo zisizo na jina zinazopita mizani na kisu. Zipo, chache. Nunua ukiwa umepima rulo ileile utakayobeba, si jirani yake.

Aluminiamu iliyopakwa shaba: hapana. Bei yake ni ndogo, najua. Kwa kengele ya mlango labda.

Kinachonikera zaidi ni hiki. Tunaishi Lubumbashi. Mkoa wetu uliwahi kuitwa Shaba. Kongo leo inatoa shaba nyingi kuliko nchi zote duniani isipokuwa Chile, na ukisimama kwenye barabara ya Kasumbalesa utahesabu malori ya mabamba ya shaba mpaka uchoke. Halafu mtoto wa mji huohuo anaingia dukani kununua mita 100 za waya, anauziwa aluminiamu iliyopakwa rangi ya kitu kinachochimbwa kwao. Ukiuliza bei ya shaba ya kweli unaambiwa ni dolari, ni duane, ni usafiri. Usafiri kutoka wapi? Duane sikatai ni mzigo, lakini haimlazimishi mtu kuandika 2.5 juu ya 1.5.

Kwa walionao tayari ukutani: usiongeze mzigo kwenye mstari huo. Toa resho, pasi na birika, na pale kwenye kontere weka dizhonkteri ya ampea 10 badala ya 20, ili mstari usibebe tena mzigo mkubwa. Hiyo ni ya kusubiria pesa tu. Kukaza skrubu kila mwezi hakuponyi, kwa sababu ngozi ile ya aluminiamu inarudi palepale.

Siku ya kubadilisha, zima dizhonkteri kuu na uhakikishe kwa testa kwamba hakuna umeme. Kama nyaya zimepita ndani ya tiyo hutabomoa kitu: funga waya mpya kwenye ncha ya ule wa zamani, zungusha skochi ili kifundo kiwe chembamba, paka maji ya sabuni, mmoja avute huku mwingine akisukuma upande wa pili. Vuta polepole. Ule wa aluminiamu hukatika kirahisi, na ukikatikia katikati ya tiyo, kazi ya saa moja inakuwa ya nyundo, saruji na rangi mpya.