Kamera zinazozima usiku: tatizo ni adapta ya kwenye boksi

Seti ya kamera nne na rekoda yake naipa nyota tatu. Picha ya mchana sina neno nayo, lakini giza likiingia kamera ya stoo ilikuwa inakatika: sekunde chache inaonyesha, kisha rekoda inaandika VIDEO LOSS, inarudi, inakatika tena. Aliyeiuza alisema kamera imeungua. Haikuungua.

Kamera ya aina hii mchana inakula kama ampea 0.15 tu. Taa za infraredi zikiwaka inafika 0.4 au zaidi, kwa hiyo nne zinavuta ampea 1.6 na kuendelea. Adapta iliyokuja imeandikwa 12V 2A, na ya bei rahisi mara nyingi haifikishi kilichoandikwa. Umeme unashuka, kamera inazima, taa nazo zinazima, mzigo unapungua, kamera inawaka upya, taa zinawaka, mchezo unaanza tena. Ndiyo maana mchana huoni kasoro yoyote.

Kupima si lazima usubiri usiku. Funika uso wa kamera zote kwa kitambaa kizito ili taa ziwake, kisha pima kwa multimita kwenye plagi ya umeme ya kamera ya mbali kuliko zote, ikiwa bado imeunganishwa. Ukipima waya mtupu utasoma volti 12 safi na utadanganyika. Kwangu, kwenye waya wa mita 30, ilisoma 9.8. Nilipoweka adapta ya 12V 5A ikapanda hadi 11.4 na kukatika kukaisha. Ampea zikizidi hakuna ubaya, kamera inachukua inazohitaji. Volti ndizo usizibadilishe.

Kama picha haikatiki ila ni nyeusi tu, hapo chunguza taa zenyewe. Gizani, nyingi huonyesha wekundu hafifu. Zile za nanomita 940 hazionekani kwa macho, basi ziangalie kupitia kamera ya mbele ya simu, zitang'aa zambarau au nyeupe. Zisipowaka na volti ziko sawa, ingia kwanza kwenye menyu ya kamera uone kama hazijazimwa. La sivyo bodi ya taa au kihisi cha mwanga kimekufa.

Rekoda iwe ya mwisho kulaumiwa. Badilishanisha plagi ya picha ya kamera mbovu na ya kamera nzima, kila moja iingie kwenye tundu la mwenzake: giza likihamia tundu jipya, kosa liko kwenye kamera au waya wake, likibaki kwenye tundu la zamani, ni rekoda. Na kama picha ya moja kwa moja usiku ni nzuri ila ukirudisha nyuma hukuti kitu, usiguse waya wowote. Angalia ratiba ya kurekodi: yangu ilitoka kiwandani ikiwa inarekodi mwendo tu, nikaiweka irekodi saa 24.